Fundi wa Asubuhi, Tatizo la Usiku

Kampuni inayoniuzia intaneti hapa Mbulu ina tabia njema kuliko watu wengi ninaowafahamu. Ukiilalamikia haikasiriki. Inakushukuru, inakuita mteja wa thamani, kisha inakuagiza uzime ruta, uhesabu hadi thelathini, uiwashe tena. Nimeizima na kuiwasha hadi maandishi ya kitufe chake yamefutika. Bado kila ikifika saa mbili usiku, mtangazaji wa taarifa ya habari anaganda akiwa mdomo wazi, na mama watoto ananigeukia mimi, kana kwamba mnara niliujenga kwa mikono yangu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba asubuhi intaneti hiyohiyo inakimbia. Saa kumi na mbili na nusu, wakati ukungu haujaondoka mabondeni na mtu mwenye akili timamu yuko chini ya blanketi, unaweza kupakua filamu nzima kabla chai haijachemka. Shida ni kwamba asubuhi sina haja ya filamu. Ninaihitaji jioni, na jioni ya Mbulu huanza mapema kwa sababu ya baridi. Jua likishazama watu hawabaki barazani kupiga soga kama wenzetu wa Tanga. Wanaingia ndani, wanafunga mlango, na kila mmoja anashika simu yake.

Kampuni ilipochoka na simu zangu ilituma fundi. Alikuja saa nne asubuhi, kijana mpole mwenye ngazi na mkoba. Alipanda juu ya bati, akatikisa kisahani kinachotazama mnara, akashuka, akapima kasi kwa simu yake. Ikasoma Mbps 9.6, na kifurushi changu ni cha Mbps 10. Akanionyesha kama daktari anayemwonyesha mama picha ya mtoto mwenye afya. Nikamwambia, "Kijana wangu, subiri hadi saa mbili usiku uone." Akacheka kwa heshima. Alikuwa ametoka Babati, na alitaka kuushuka mlima wa Magara kabla ya giza ili afike Mbuyu wa Mjerumani kungali na mwanga. Simlaumu. Lakini kabla pikipiki yake haijapotea kwenye kona, ujumbe uliingia kwenye simu yangu: tatizo lako limetatuliwa, tafadhali tupe alama kuanzia moja hadi tano.

Hapo ndipo nilipoelewa mchezo wenyewe. Ugonjwa unakuja usiku na daktari anakuja asubuhi, na karatasi ya daktari ndiyo inayoaminiwa ofisini. Kumwita fundi mwingine kwa simu ni kumleta tena saa nne asubuhi. Kilichobaki ni kuandika barua pepe itakayofanya kazi ya usiku kwa niaba yake, yenye saa na vipimo, kiasi kwamba mtu wa ofisini akiisoma ashindwe kunijibu kwa sentensi aliyokwisha kuihifadhi.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshajaribu njia yake. Barua yake ilianza kwa "Ndugu wezi" na ikaendelea kwa kurasa mbili za Kiswahili fasaha sana. Ndani yake kulikuwa na methali, laana, na kumbukumbu za utumishi uliotukuka. Hakukuwa na saa hata moja wala kipimo hata kimoja. Alijibiwa kwamba maoni yake yanathaminiwa. Mtu wa huduma kwa wateja hawezi kuipeleka laana kwa wahandisi, kwa sababu fomu yake haina kisanduku cha laana. Ina visanduku vya namba ya mteja, eneo, saa na kasi.

Basi nikanunua daftari na kuanza kupima, na ndipo amani ya nyumba ilipotoweka. Kipimo cha kweli hakipimwi kwa simu iliyo chumbani huku watoto wanatazama katuni sebuleni. Kikitoka kidogo, kampuni itasema, kwa haki kabisa, kwamba kasi imeliwa na watu wa nyumbani mwangu. Kwa hiyo kila saa ya kupima ilipofika nilizima waifai, nikachomeka kompyuta moja kwenye ruta kwa waya, na kuhakikisha hakuna kifaa kingine kilichounganishwa. Kufanya hivyo saa mbili na nusu usiku, tamthilia ikiwa imefika pale ambapo bwana harusi anagundua jambo, ni ujasiri ambao sikujua ninao. Mama watoto alisema kampuni inatunyima intaneti kwa bahati mbaya, lakini mimi ninawanyima kwa makusudi.

Nilipima kwa `speedtest.net`, kila mara nikichagua seva ileile ya Dar es Salaam. Ukiiachia tovuti ichague yenyewe, leo itakupeleka Arusha na kesho Nairobi, na utakuwa unalinganisha barabara mbili tofauti. Saa niliziandika kwa mtindo wa 20:30. Sisi tunajua saa mbili ni saa mbili, lakini mashine za kampuni zikiandikiwa "saa 2" zitatafuta kumbukumbu za saa nane usiku, wakati Mbulu nzima imelala na mnara unapiga miayo. Tena ruta yangu ilikuwa ikihesabu saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo kwenye kumbukumbu zake balaa la 20:30 liliandikwa 17:30. Hilo nalo nikalitaja kwenye barua, wasije wakaniambia tatizo lilitokea wakati wa kukamua ng'ombe.

Vipimo vya Jumanne vilisoma hivi:

06:30, Mbps 9.6
13:00, Mbps 9.1
18:30, Mbps 5.2
20:30, Mbps 0.9
22:00, Mbps 1.4
23:30, Mbps 8.8

Jumatano ilifanana na Jumanne, na Alhamisi ikafanana na Jumatano. Kabla ya kusherehekea ushahidi huu, angalia kipimo chako ni cha nini. Yule mwalimu aliniletea simu yake asubuhi moja akipiga kelele kwamba anapata 1.2 badala ya 10. Kumbe alikuwa akitazama faili linavyopakuliwa, na pale kasi huandikwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane, na Mbps 10 hutoa megabaiti 1.25 kwa sekunde. Asubuhi ile mwalimu alikuwa akipata karibu haki yake yote, na alikataa kabisa kufarijika.

Kasi peke yake inasema kuna ugonjwa, haisemi uko wapi. Mtu wa ofisini anajua hilo, na hapo ndipo anapopata mlango wa kutokea: labda ni ruta yako, labda ni kisahani chako, labda ni bahari. Naam, bahari. Tangu tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu baharini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia, huduma kwa wateja iliipenda bahari kuliko wavuvi. Kuna kijana aliniambia kwenye simu kwamba tatizo langu huenda ni mkongo. Nikamuuliza ni mkongo gani huo unaokatika saa kumi na mbili na nusu jioni na kujiunga wenyewe saa tano na nusu usiku. Akaniomba nizime ruta.

Dawa yake ni kupima safari vipande vipande. Kompyuta ina amri ya `ping`, inayotuma pakiti ndogo mahali fulani na kuhesabu milisekunde za kwenda na kurudi, na pakiti zilizopotea njiani. Mimi nilizituma sehemu tatu: kwenye ruta yangu, mnarani, na nje kabisa kwenye intaneti. Anwani ya mnara niliipata kwa amri ya `tracert`, ambayo huorodhesha vituo vya njiani. Kwangu kituo cha kwanza ni ruta na cha pili ni mnara, jambo ambalo yule kijana mwenye ngazi alikuwa amelithibitisha.

```
tracert -d 1.1.1.1
ping -n 50 192.168.1.1
ping -n 50 10.20.0.1
ping -n 50 1.1.1.1
```

Asubuhi ruta ilijibu kwa milisekunde 1, mnara kwa 4, na nje kwa 28. Saa 20:30 ruta ilijibu kwa 1 ileile. Mnara ulijibu kwa 180, na kati ya pakiti hamsini, nne hazikurudi. Nje ilijibu kwa 205. Sasa toa hesabu. Kutoka mnarani hadi nje, asubuhi ni milisekunde 24, usiku ni 25. Safari yote ile, kuteremka milima, kwenda Dar es Salaam na kwingineko, haikubadilika. Ucheleweshaji wote ulizaliwa kati ya bati langu na mnara ninaouona kwa macho kutoka jikoni.

Je, ni kisahani changu kilichopinda? Kisahani kilichopinda kimepinda asubuhi na jioni, hakina zamu. Je, nimemaliza kifurushi nikapunguziwa kasi? Aliyepunguziwa hubaki amepunguziwa hadi kifurushi kipya, harudishiwi Mbps 9.6 kila alfajiri. Ili nifunge na mlango wa mwisho, nilimpigia shemeji yangu aliyeko Katesh, chini ya Mlima Hanang', ambaye ni mteja wa kampuni hiyohiyo kwa mnara mwingine. Nilimwomba apime kwa seva ileile, saa 20:30. Shemeji ni mtu wa Hanang', kwanza aliuliza habari za ng'ombe, za watoto, za vitunguu saumu shambani, za mvua, na saa 20:30 ikapita. Kesho yake tulimaliza salamu mapema. Alipata Mbps 9.1. Nilifurahi kwa ajili ya ushahidi na nikaumia kwa ajili ya nafsi yangu.

Barua yenyewe ilikuwa fupi kuliko malalamiko yangu yote ya mdomo. Kwenye kichwa niliandika: "Mteja wa Mbulu mjini, namba ya akaunti hii hapa: kasi hushuka chini ya Mbps 1 kila jioni, naomba fundi afike kati ya 20:00 na 21:30." Wengi huandika "Tatizo la intaneti" kwenye kichwa, nalo ni sawa na kwenda hospitali na kumwambia nesi kwamba unaumwa.

Ndani niliandika hivi:

"Habari za kazi. Kifurushi changu ni cha Mbps 10. Kila jioni kasi inashuka kuanzia saa 18:30 na kurejea baada ya saa 23:00. Vipimo vya kila siku nimeviambatisha pamoja na picha za skrini zinazoonyesha saa. Vyote vimepimwa kwa waya, kifaa kimoja, waifai ikiwa imezimwa, seva moja. Saa zote ni za Afrika Mashariki. Ruta imezimwa na kuwashwa kabla ya vipimo vya Jumanne, hakuna mabadiliko.

"Saa 20:30 ruta inajibu kwa milisekunde 1, mnara kwa milisekunde 180 na kupoteza pakiti 4 kati ya 50. Asubuhi mnara unajibu kwa milisekunde 4 bila kupoteza. Mteja wenu wa Katesh anapata Mbps 9.1 saa hiyohiyo. Kwa hiyo naona tatizo liko kwenye antena ya mnara inayohudumia upande wangu.

"Fundi aliyefika asubuhi alikuta hali nzuri na tiketi ikafungwa. Naomba ifunguliwe. Naomba pia mtazame kumbukumbu za antena hiyo kati ya 20:00 na 21:30, na fundi apime saa hizo. Naomba namba ya tiketi na tarehe ya kufika."

Sikumtukana mtu, na iliniuma. Mwishoni niliongeza sentensi moja tu, kwamba nisipopata ufumbuzi nitaipeleka barua hii na majibu yake Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. TCRA hupokea malalamiko ya mteja aliyeanza kwa mtoa huduma wake na hakuridhika, kwa hiyo namba ya tiketi na barua iliyoandikwa ndiyo tiketi ya basi la kufika huko. Simu za hasira hazina risiti. Lakini nisijidanganye: mkataba wangu unataja kasi ya juu tu, ya chini hauitaji popote. Kama ningeandika tu kwamba sipati 10, wangenijibu kwamba hawakuniahidi 10 kila saa. Mnara unaopoteza pakiti ni hoja nyingine, maana hakuna mkataba unaouza pakiti zinazopotea.

Jibu la kwanza lilifika papo hapo, likiniita mteja wa thamani na kuniomba nizime ruta. Lilikuwa la mashine. Jibu la pili lilitoka kwa dada mmoja aliyekuwa amesoma barua hadi mwisho, nikamjua kwa sababu aliniuliza kuhusu zile pakiti nne. Jioni ya Jumanne iliyofuata kijana yuleyule mwenye ngazi alikuja, safari hii na mkoba wa nguo, kwa sababu ofisi ilikuwa imemlipia kulala. Tulikula naye ugali. Saa mbili usiku akafungua ukurasa wa mnara kwenye kompyuta yake, na kwa mara ya kwanza nikaona nyumba yangu ikiwa mstari mmoja katika orodha ya wenye shida.

Akanieleza kwa upole. Antena ile ya mnara inazungumza na wateja wote wa upande wetu kwa zamu, kama bomba moja la kijiji lenye foleni ya ndoo. Kinachogawanywa ni muda. Mteja anayesikika vizuri hujaza ndoo yake haraka na kupisha. Anayesikika kwa shida, antena humsemesha polepole, humrudia, na foleni nzima inamsubiri. Mteja mmoja wa namna hiyo anayetumia intaneti kwa wingi anaweza kula muda wa wenzake wote ilhali yeye mwenyewe anapata kasi ya kusikitisha.

Na mteja huyo alikuwepo. Alikuwa chini kwenye orodha, ishara yake ikiwa nyekundu na matumizi yake yakiwa makubwa kuliko ya mtu yeyote, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa tano usiku. Fundi akauliza kuna nini bondeni kule, nyuma ya mikaratusi. Nikacheka kabla sijajibu. Kule kuna kibanda umiza. Kinaonyesha mechi na filamu kila jioni, asubuhi kimefungwa. Kisahani chake kilipofungwa mikaratusi ilikuwa mifupi, sasa imekua imeziba mnara wote, na mwenye kibanda naye alikuwa akiilaani kampuni kila usiku mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Hakuwahi kuandika barua. Asubuhi, fundi yeyote angekikuta kibanda kimefungwa na antena ikiwa haina wasiwasi.

Kesho yake walimwongezea nguzo, kisahani kikapanda juu ya mikaratusi, ishara ikawa ya kijani. Jioni hiyo saa 20:30 nilipima, waifai imezimwa, mama watoto akinitazama kwa jicho ambalo sitalieleza hapa. Mbps 8.3, mnara milisekunde 9, pakiti zote hamsini zimerudi. Fundi alisema ile 1.7 iliyobaki ni foleni ya kawaida ya jioni, na kwamba wateja wakiongezeka itabidi waweke antena ya pili. Nikafunga tiketi mwenyewe na kuwapa alama nne. Moja nimeibakiza kwa ajili ya ujumbe wa ile asubuhi ya kwanza.

Sasa kibanda kinaonyesha mechi bila kuganda, na watu wamejaa kuliko zamani. Mimi naitazama mechi hiyohiyo sebuleni, kwa intaneti ileile, kutoka mnara uleule. Lakini picha ya mtandao haiwafikii watu wote kwa wakati mmoja, kila kifaa huweka akiba yake ya sekunde kabla ya kuonyesha, na akiba ya kibanda ni ndogo kuliko yangu. Kwa hiyo bonde zima linalipuka kwa shangwe, halafu mimi nakaa nikimtazama mshambuliaji akikaribia lango polepole, nikijua mpira unakokwenda. Nimepima jambo hili kwa daftari na saa, vipimo ninavyo, na kwenye fomu ya kampuni nimetafuta kisanduku chake hadi leo sijakiona.